Maswali Ishirini na Mawili ya Soko la Ruvumera

Mwalimu wetu wa somo la mbinu za utafiti ana desturi moja ambayo wengi hatuipendi. Kila mwanafunzi akishaandaa hojaji yake, haisomi yeye kwanza. Anampa mwanafunzi mwingine aitathmini, aitolee alama kati ya 20 na aandike ukurasa mmoja wa maelezo. Kisha mwalimu huyapima maelezo yenyewe. Kwa hiyo anayetathmini naye anatathminiwa, na huwezi kujificha nyuma ya maneno kama "kazi nzuri, endelea hivyo."

Mimi nilipewa hojaji ya mwenzangu aliyetaka kuchunguza matumizi ya Kiswahili katika soko la Ruvumera, kule Buyenzi. Ni mada nzuri. Buyenzi ni mtaa wa zamani wa Waswahili hapa Bujumbura, na tangu Burundi ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, kila mtu husema Kiswahili kinakua. Ni wachache waliokwenda sokoni kuangalia. Mwenzangu alikuwa na maswali 22, na alikuwa amekwisha kuulizia bei ya kutoa nakala 80. Alitaka kuanza kukusanya data wiki iliyofuata, data ambazo baadaye zingeingia katika kazi yake ya kumaliza masomo. Kwa hiyo alama yangu haikuwa jambo kubwa. Jambo kubwa lilikuwa kama hizo nakala 80 zingemletea majibu ya swali alilokuwa analiuliza.

Mwalimu aligawa alama hivi: 8 kwa uhusiano wa maswali na malengo, 6 kwa maneno ya maswali, na 6 kwa kutomwelekeza mtafitiwa kwenye jibu fulani. Wanafunzi wengi huanza na maneno, kwa sababu ni rahisi kuona sentensi mbaya. Mimi nilianza na malengo, kwa sababu swali linaweza kuandikwa vizuri kabisa na bado lisiwe na kazi yoyote katika utafiti.

Malengo mahususi yalikuwa matatu: kubainisha lugha ambazo wauzaji hutumia wanapowahudumia wateja, kueleza sababu zinazowafanya wabadili lugha, na kupima mtazamo wao juu ya Kiswahili. Nilichora jedwali. Upande wa kushoto niliandika namba za maswali, juu nikaandika malengo, kisha nikasoma kila swali na kujiuliza: jibu la swali hili nitaliweka katika sura gani ya matokeo, na nitalifanyia nini? Kama sikuweza kujibu, kisanduku kilibaki kitupu.

Jedwali lilipokamilika, picha yake haikufanana na ukurasa wa malengo. Maswali 6 yalihusu taarifa binafsi. Lengo la kwanza lilikuwa na maswali 3. Lengo la pili, lile la sababu za kubadili lugha, lilikuwa na swali 1 tu. Lengo la tatu, mtazamo, lilikuwa na maswali 9. Matatu yaliyobaki hayakuwa na lengo lolote, mojawapo likiwa "Je, umewahi kusafiri Tanzania au Kenya?", ambalo lingeweza kuwa na maana lakini hakuna mahali lilipoombwa. Hata katika taarifa binafsi kulikuwa na swali la kipato kwa mwezi. Muuzaji wa soko ukimuuliza kipato chake mwanzoni kabisa mwa mazungumzo, anakutazama kama mtu wa kodi, na majibu yote yanayofuata yanakuwa mafupi. Kipato hakikutajwa popote katika malengo. Swali hilo lilikuwa linagharimu mengi bila kuingiza chochote.

Kwa maneno mengine, hojaji ilikuwa ya mtazamo, ila ilivaa kichwa cha matumizi. Nilipomwonyesha mwenzangu jedwali, jibu lake la kwanza lilikuwa la maana kuliko nilivyotarajia. Alisema, "Basi ndugu yangu, nibadili malengo, nisibadili maswali." Ana haki. Pengo kati ya malengo na maswali linaweza kuzibwa kutoka pande zote mbili, na mtathmini hana mamlaka ya kuamua upande gani. Kama kweli alichotaka kujua ni mtazamo wa wauzaji, angeandika upya kichwa na lengo moja, akaacha mengine. Lakini nilipomuuliza ni nini kilichomfanya achague Ruvumera, alinisimulia jinsi alivyomwona mama mmoja akimkaribisha mteja kwa Kirundi, akajadiliana naye kwa Kiswahili, kisha akataja bei kwa Kifaransa. Hicho ndicho kilichomvuta. Na hicho ndicho hojaji yake haikuweza kukipata hata kidogo, kwa sababu swali la 8 lilisema: "Unapozungumza na wateja unatumia lugha gani? Chagua jibu moja tu."

Maneno matatu ya mwisho yaliua lengo la pili. Ukimlazimisha muuzaji kuchagua lugha moja, umekwisha kuamua kwamba habadili lugha, kabla hujamuuliza kwa nini anabadili. Kisha likaja swali la 11, lile pekee la sababu: "Je, huwa unachanganya lugha kwa sababu mteja haelewi?" Jibu ni ndiyo au hapana. Hapa sababu imeletwa na mtafiti mwenyewe, na muuzaji ameachiwa kazi ya kuitikia. Kama anabadili lugha ili mteja wa jirani asisikie bei, au kwa sababu namba zinamjia haraka kwa Kifaransa alichofundishiwa hesabu shuleni, hana mahali pa kulisema. Mwisho wa utafiti mwenzangu angeandika kwamba asilimia kadhaa ya wauzaji hubadili lugha kwa sababu wateja hawaelewi, na asingekuwa amedanganya. Angekuwa amesoma tu alichokiandika mwenyewe.

Katika sehemu hii nilitoa alama 3 kati ya 8. Nyingi za hizo ni kwa ajili ya malengo yenyewe, ambayo yaliandikwa kwa uwazi wa kutosha kunipa cha kupimia.

Kwenye maneno, swali lililonichukua muda mrefu lilikuwa fupi kuliko yote. Swali la 5: "Je, wewe ni Mswahili?" Mwenzangu alikusudia kuuliza kama Kiswahili ndiyo lugha ya kwanza ya mtafitiwa. Kwa mtu aliyekaa darasani kwetu, swali linaeleweka. Lakini hapa Burundi neno hilo lina maisha yake mengine. Kwa Kirundi, umuswahili anaweza kuwa Mwislamu, anaweza kuwa mtu wa mjini asiyelima, na anaweza kuwa mjanja ambaye maneno yake uyapime mara mbili. Swali moja lina maana nne, na ya nne ni tusi.

Sikutaka kubishana juu ya hilo kwa nadharia. Nilikwenda Ruvumera asubuhi moja na kuwauliza wauzaji watatu maswali machache ya hojaji ile, na baada ya kila jibu niliwaomba waniambie kwa maneno yao wenyewe nimewauliza nini. Njia hii haihitaji watu wengi. Haipimi soko, inapima swali. Mama mmoja muuza vitenge, ambaye alikuwa amenijibu kwa Kiswahili kizuri tangu salamu, aliposikia swali la 5 alisema, "Hapana mwanangu, sisi tunasali kanisani." Mzee wa vyombo vya plastiki alicheka na kuniuliza kama nimemwona akimwibia mtu. Wa tatu, kijana, alijibu ndiyo, na nilipomwomba aeleze, alisema amezaliwa Buyenzi. Majibu matatu ya maswali matatu tofauti, na katika karatasi yangekaa kwenye safu moja: hapana, hapana, ndiyo.

Hii ndiyo hatari ya neno baya katika hojaji: halionekani katika data. Kosa la hesabu unaweza kulikamata baadaye kwa kujumlisha upya. Neno lenye maana nne likishapita, huna tena njia ya kujua nani alijibu maana ipi. Nilipendekeza aliache jina la watu kabisa na aulize juu ya lugha: "Ulipokuwa mtoto, kabla ya kuanza shule, nyumbani kwenu mlizungumza lugha gani? Taja zote." Nilikwepa hata "lugha ya kwanza," kwa sababu wengine husikia lugha waliyoanza nayo na wengine husikia lugha wanayoitumia zaidi.

Swali la 9 nalo lilikuwa na tatizo la aina nyingine: "Je, unazungumza na kuelewa Kiswahili? Vizuri sana, vizuri, wastani." Sokoni watu wengi wanaelewa Kiswahili kuliko wanavyokizungumza, kwa hiyo kuzungumza na kuelewa hayawezi kukaa katika swali moja. Na ngazi zote tatu za majibu ni za kusifia. Asiyejua hana pa kukaa isipokuwa kwenye "wastani." Maneno mengine yalikuwa safi, na kwa sehemu hii nilimpa 4 kati ya 6.

Sasa nifike kwenye kuelekeza. Swali la 14 lilisomeka hivi: "Kwa kuwa Kiswahili ni lugha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, je, unakubali kwamba kinapaswa kutumiwa zaidi sokoni?" Maswali 6 kati ya yale 9 ya mtazamo yalijengwa kwa namna hii: sababu kwanza, kisha "je, unakubali." Mwenzangu hakuona ubaya, kwa kuwa sababu yenyewe ni ya kweli. Lakini ukweli wa sababu si hoja. Hoja ni kwamba imewekwa sababu ya upande mmoja tu, kisha mtu anaombwa akubali, mbele ya kijana wa chuo ambaye ni wazi anasomea Kiswahili. Kukataa kunahitaji ubishi ambao mtu mwenye wateja hana muda nao.

Kipimo ninachokitumia ni kugeuza swali. Niliandika: "Kwa kuwa Kirundi ndiyo lugha inayotuunganisha Warundi, je, unakubali kwamba ndicho kinapaswa kutumiwa zaidi sokoni?" Niliwasomea wauzaji wale wale watatu maswali yote mawili, nikiyatenganisha kwa maswali mengine katikati. Mama wa vitenge alikubali yote mawili. Kijana naye alikubali yote mawili. Mzee peke yake ndiye aliyeniambia kwamba biashara haina lugha. Mtu mmoja hawezi kutaka Kiswahili kitumike zaidi na wakati huohuo Kirundi ndicho kitumike zaidi. Wale wawili hawakuwa wamenipa mtazamo wao. Walinipa heshima yao.

Jambo hili halikuanzia Ruvumera. Mwaka 1941 mtafiti wa Marekani, Donald Rugg, alichapisha matokeo ya maswali mawili yaliyoulizwa kwa makundi mawili ya watu. Kundi moja liliulizwa kama Marekani iruhusu hotuba za hadharani zinazopinga demokrasia, na jingine kama izikataze. Kimantiki, kutoruhusu ni kukataza. Lakini waliosema zisiruhusiwe walikuwa karibu robo tatu ya waliotoa maoni, na waliosema zikatazwe walizidi nusu kidogo tu. Neno moja lilihamisha karibu mtu mmoja katika kila watano. Na pale hapakuwa na "kwa kuwa" yoyote mwanzoni.

Mwenzangu aliniuliza basi aandike vipi. Nilipendekeza aweke njia zote mezani kwa uzito mmoja: "Wapo wauzaji wanaosema sokoni ni bora kutumia Kirundi, wapo wanaosema Kiswahili, na wapo wanaosema lugha yoyote ni sawa. Wewe unaonaje?" Swali hili nalo lina udhaifu wake, na niliuandika katika maelezo. Likisomwa kwa sauti ni refu, na mtu anayesikiliza huku akikunja nguo huelekea kushika chaguo alilolisikia mwisho. Kwa hiyo nakala zigawanywe, nusu zianze na Kirundi na nusu zianze na Kiswahili, ili upendeleo wa mpangilio usiangukie lugha moja. Sehemu hii nilimpa 3 kati ya 6, kwa yale maswali 3 ya mtazamo ambayo hayakuwa na sababu mbele yake. Jumla ikawa 10.

Tulibishana zaidi juu ya jambo ambalo halikuwa na alama. Hojaji yote ilikuwa kwa Kiswahili, tena Kiswahili sanifu cha darasani, chenye "mtazamo" na "matumizi" na "kwa kiwango gani." Utafiti unaotaka kujua nani anatumia Kiswahili ulikuwa umeweka Kiswahili mlangoni kama kiingilio. Muuzaji asiyekimudu atasema hana muda, mtafiti atahamia meza inayofuata, na mwishowe takribani watu wote 80 waliojibu watakuwa wazungumzaji wa Kiswahili. Matokeo yatapendeza, lakini yatakuwa yametengenezwa na karatasi. Mwenzangu alisema sisi ni wanafunzi wa Kiswahili na kazi zetu huandikwa kwa Kiswahili. Ndiyo, kazi iandikwe kwa Kiswahili. Swali liulizwe kwa lugha anayoitaka anayeulizwa, na lugha hiyo iandikwe kwenye kisanduku juu ya karatasi, kwa kuwa nayo ni data.

Tulijaribu kutafsiri. Yeye alitafsiri maswali kwa Kirundi, kisha tukampa mwanafunzi wa tatu, asiyeijua hojaji ya awali, ayarudishe kwa Kiswahili. "Unatumia Kiswahili lini?" lilirudi kama "Unazungumza Kiswahili lini?", kwa sababu katikati lilikuwa limepita kwenye kitenzi kuvuga. Si kosa la mtafsiri. Ndivyo watu wanavyosema. Lakini tuligundua kwamba neno "matumizi," lililokuwa kwenye kichwa cha utafiti, halikuwahi kufafanuliwa. Je, kuandika bei kwenye kipande cha boksi ni matumizi? Kuhesabu noti kimoyomoyo? Mwenzangu aliamua kwamba kwake matumizi ni yale yanayosikika kati ya muuzaji na mteja, na akaiandika sentensi hiyo chini ya lengo la kwanza. Nadhani ni sentensi iliyomsaidia kuliko ukurasa wangu wote.

Kwa sababu ukishasema hivyo, unaona kwamba hata swali zuri kabisa la "unatumia lugha gani" halitoshi. Mtu hahesabu maneno yake. Anakueleza jinsi anavyojiona. Waendeshaji wa tafiti kubwa za kaya wanalijua hili. Katika utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya uliofanywa hapa Burundi mwaka 2010, na tena mwaka 2016 na 2017, kwa watu ambao hawakufika sekondari, kujua kusoma hakukupimwa kwa kuwauliza kama wanajua kusoma. Walionyeshwa kadi yenye sentensi fupi, wakaombwa waisome. Swali linalogusa sifa ya mtu likigeuzwa kuwa kitendo, sifa haina nafasi kubwa ya kuingilia.

Kwa soko, kitu kilicho karibu zaidi na kadi ile ni mteja wa mwisho. Badala ya "kwa kawaida unatumia lugha gani," tuliandika: "Yule mteja wa mwisho uliyemhudumia kabla sijafika, mlisalimiana kwa lugha gani? Bei mlizungumza kwa lugha gani? Kama mlibadili lugha, ilikuwaje?" Tukio ni moja, ni la dakika chache zilizopita, na muuzaji bado analikumbuka. Wateja wa mwisho 80, wakikusanywa kwa saa tofauti na siku tofauti, wanatoa picha ya soko bila kumwomba mtu yeyote ajipime. Na lile "ilikuwaje" linaacha sababu zije zenyewe, pamoja na ile ya kumficha bei mteja wa jirani.

Mwenzangu alilipeleka swali hilo kwa mzee wa vyombo. Mzee alifikiri kidogo, akasema mteja wake wa mwisho alikuwa mkewe, na waliongea Kirundi, Kiswahili, na kidogo cha kugombana. Kwa hiyo swali sasa lina nyongeza: "mteja wa mwisho asiye ndugu yako." Nakala hazijatolewa bado. Maswali yamebaki 13, kipato kimeondoka, na lengo la tatu limefutwa.